Jina la Mrithi

Ng'ambo, Tabora
Alasiri, kesho ndiyo treni yako

Tekla mwanangu,

Mama yako yuko uani anakupangia michembe ya viazi vitamu kwenye kopo la biskuti, na tangu asubuhi anagombana na soksi. Habari za baridi, za chakula cha kigeni, za kusali na za wavulana amekwisha kukupa zote, na zilizobaki atakupa stesheni mbele za watu, namjua. Kwa hiyo mimi sitazigusa. Naandika lile nililoshindwa kukuambia tukiwa tumetazamana.

Juzi uliniuliza, "Baba, mbona Zaituni haendi?" Nikakujibu, "Chama kimeamua." Ukanitazama kidogo, kisha ukainama ukaendelea kuchambua mchele. Ulijua nimekuficha kitu, na mimi nilijua kuwa umejua.

Nafasi unayoiendea ilikuwa ya Zaituni. Nalisema hapa mwanzoni usije ukadhani nakuzungusha. Tawi letu lilimpendekeza yeye aende kusomea uongozi wa vijana katika ile nchi ya baridi ambako chama kimoja ndicho kila kitu. Baba yake alipofukuzwa chamani, jina la binti likaondolewa na lako likawekwa. Na aliyefanya baba yake afukuzwe ni mimi, baba yako, mwenyekiti wa tawi.

Musa, baba yake Zaituni, unamjua kuliko unavyowajua baadhi ya ndugu zangu. Cherehani yake ndiyo iliyokushonea gauni la kipaimara, Mwislamu yule, na kanisani alikuja akasimama nyuma akikagua kama pindo limekaa sawa. Nitakueleza nilivyomtenda. Lakini kwanza itabidi nikupeleke nyuma, kwa sababu dhambi hii niliifanya mara mbili, na mara ya kwanza nilikuwa kijana mwenye umri kama wako.

Unajua kwamba nilikulia ikulu, kwenye utemi wetu ule wa upande wa Nzega. Huwa nakusimulia habari za ngoma na nyama. Sikukusimulia kazi yangu. Nilikuwa mwonja pombe wa Mtemi. Kibuyu kikiletwa, mimi nilikunywa kwanza, watu wakanitazama, nisipoanguka naye akanywa. Wenzangu walinionea wivu. Mimi mwenyewe nilijiona mkubwa, mjinga mimi, sikujiuliza ni mtawala wa namna gani anayehitaji tumbo la mtu mwingine limtangulie.

Babu yako aliyebeba mizigo kwenye njia ya misafara alinionya. Alikuwa amepita Urambo enzi za yule mtemi mpiganaji aliyezitetemesha nchi kuanzia huku mpaka ziwani. Alisema, "Nilipopita mara ya kwanza, palikuwa na boma la miti ambalo hata nyoka hapenyi. Nilipopita tena, bwana mkubwa keshafariki, nikawakuta vijana wake wa vita wanaombaomba chumvi njiani." Nikamuuliza jeshi lote lile lilikwenda wapi. Akanijibu, "Halikuwa jeshi la nchi. Walimfuata mtu aliyewagawia. Mgawaji akifa, kila mtu anachukua bunduki yake na njia yake." Nilimsikia. Kusikia na kuelewa ni mambo mawili.

Mtemi wetu alitawala kama wa Urambo, ila hakuwa na vita. Alikuwa na Waingereza. Kodi ikifika bomani, Bwana Shauri, mkuu wao wa wilaya, hakuuliza imepatikanaje. Zamani mtemi alibanwa na wanyampala, wale wazee wa ikulu. Walimchagua, na waliweza kumwambia usoni kwamba amekosa. Huyu wetu aliwapunguza mmoja mmoja. Hakuwapiga. Alisahau tu kuwaita. Badala yao akaleta mashemeji na wanywaji wenzake, akawafanya wanang'wa, wakuu wa vijiji, na kila baada ya mavuno akawahamisha, wa kaskazini kwenda kusini, ili asiwepo hata mmoja atakayependwa mahali pamoja. Usiku yule alimpelekea habari za huyu, asubuhi huyu akampelekea za yule. Walinzi wake aliwatoa mbali, watu wasio na shangazi hata mmoja katika nchi yetu. Ilikuwa akili kubwa, Tekla, usimdharau. Hakuna aliyeweza kumpindua, kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenziwe kiasi cha kumnong'oneza.

Lakini akili hiyo hiyo ndiyo iliyomla. Nzige walipokuja, hakuna aliyemwambia. Nilikuwapo barazani. Aliuliza, "Mashamba vipi?" wanang'wa wakapiga makofi, "Mazuri, Mtemi." Nami niliyatembelea mashamba hayo siku moja kabla, nikayaona mabua matupu, nikapiga makofi pamoja nao. Ghala la njaa lilikuwa tupu vilevile, nafaka yake mashemeji walikwisha kuiuza njiani kwa wasafiri. Mtu anayetawala kwa kugawa akikosa cha kugawa, anabaki na sauti tu.

Kisha akaugua. Mila yetu ni kwamba mtemi akiugua sana, wazee hukutana faraghani, huchagua mrithi na kulificha jina. Mwenyewe hatakiwi kulijua. Nilipokuwa mdogo niliona ni ukatili, mtu anaumwa na watu wanampangia wa kumfuata. Sasa naona walioiweka mila hiyo waliijua roho ya mtawala vizuri sana. Anayeonyeshwa mrithi wake anaonyeshwa kaburi lake.

Wazee walimchagua Ngassa, mtoto wa dada yake, kijana mpole aliyejua kusikiliza kesi mpaka mwisho. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa wazee hao, na pombe ilimlegeza ulimi nyumbani kwetu. Mimi nilikuwa natamani unang'wa. Ndiyo hiyo tu, mwanangu, hakuna sababu nyingine ya maana. Nilitamani kupigiwa magoti. Siku iliyofuata nilipomwonjea Mtemi pombe nilimwinamia nikamtajia jina.

Alichukua kibuyu mikononi mwangu akanywa, akanipa kilichobaki.

Ngassa aliitwa mchawi. Nyumba yake ikachomwa na walinzi wale wasio na shangazi. Akatoka na mkewe na mtoto mgongoni, akashika njia ile ya misafara kuelekea Ujiji, na sisi hatukumwona tena. Mama yake alibaki. Kila nilipopita mbele ya mlango wake aliniamkia yeye kwanza, mama mzima, "Mwangaluka, mwonja pombe," na mimi nikapita haraka.

Mtemi alipokufa walificha maiti siku kadhaa kama ilivyo desturi, lakini safari hii hawakuwa wanaficha mpaka mrithi akae. Mrithi hakuwapo. Walikuwa wanaficha ili kila mmoja apate muda wa kuiba. Walinzi walitangulia, wao wenyewe. Kisha mashemeji wakapigania ng'ombe, na wanang'wa waliohamishwahamishwa hawakuwa na kijiji hata kimoja cha kuwakimbilia. Ikulu iliungua. Nilimwona shemeji mmoja, mtu mnene, amesimama mlangoni na mkuki anapigana na kila ajaye, hata waliokuja kumwokoa. Nilijiuliza kwa nini asikimbie. Baadaye nikaelewa: akimbilie wapi? Kila alichokuwa nacho alipewa na mtu mmoja, na mtu huyo ameoza. Watu wa namna hiyo hawawezi kuondoka kwa heshima, kwa hiyo hawaondoki mpaka nyumba iwaangukie, na iwaangukie na wengine waliomo.

Bwana Shauri akaja akamweka mtemi ambaye hakuna aliyemchagua. Mimi nilikwisha kukimbia. Nikajiandikisha jeshini. Sikwenda kupigana na Wataliano, mwanangu, ingawa nimekuacha uamini hivyo. Nilikuwa namkimbia mama yake Ngassa.

Jeshini nilipumzika. Naona aibu kuandika neno hilo, lakini ndilo. Tulipoitwaa Somalia tukaambiwa kwamba sasa jeshi ndilo serikali. Katika mji mmoja wa pwani, meja wetu alikuwa hakimu, bwana soko, mkuu wa polisi na mwenye bandari. Asubuhi amri inabandikwa, jioni imetekelezwa. Niliamriwa kumchapa viboko muuza chumvi aliyetoka nje baada ya saa zilizokatazwa. Nikamchapa. Ikulu nilipofanya ubaya, roho ilinisuta, maana nilijua nimetaka mwenyewe. Pale sikusutwa. Amri haikuwa yangu. Leo ndiyo inanisuta zaidi, kwa kuwa yule mzee alikuwa akiniita "mwanangu" kila kiboko kikishuka.

Nikadhani serikali ya bunduki itadumu milele. Nani ataiondoa? Kumbe sikujua inaogopa nini. Meja na kapteni wake walikosana juu ya wafanyabiashara gani waruhusiwe kutumia gati. Wakaacha kusalimiana. Siku moja kila mmoja alitoa amri yake, na kombania mbili tukajikuta gatini tumeelekezeana bunduki, watu wa nguo moja. Mbele yangu alisimama Mnyamwezi mwenzangu wa Sikonge. Akaniambia taratibu, "Ndugu yangu, ukipiga nitapiga, lakini tafadhali usipige." Kabla jua halijazama, meja aliifuta amri yake. Na amri yake ndiyo iliyokuwa ya haki! Alimwomba kapteni radhi mbele yetu, mtu ambaye hakuwahi kumwomba radhi mzee yeyote wa mji ule.

Hapo ndipo nilipoelewa wanajeshi. Hawawaogopi watu kama wanavyoogopa kugawanyika wao kwa wao. Mwanajeshi atakubali kuacha kiti, ataacha hata haki yake, ili mradi jeshi libaki moja, kwa sababu akiacha kiti anayo kambi ya kurudia. Mshahara upo, cheo kipo, heshima ipo. Yule shemeji mlangoni hakuwa na kambi. Najua utaniambia, wewe mwenye vitabu, kwamba ile haikuwa nchi ya meja, alikuwa mgeni mwenye kwao. Ni kweli. Lakini tazama Sudani hivi sasa, majenerali wametwaa nchi yao wenyewe, na waliojaribu kuwapindua ni maofisa wenzao. Serikali za kambini huja haraka na mara nyingi huondoka mapema, kwa mapatano, isipokuwa atokee mmoja miongoni mwao aliyeionja sukari akataka kuwa mtemi. Huyo akitokea, usimhesabu tena kuwa ni jeshi.

Baadaye nilirudishwa hapa Tabora kulinda Wataliano waliotekwa. Mmoja alikuwa mwalimu wa shule, na kwao alikuwa amevaa beji ya chama chao kilichotawala peke yake. Alijifunza Kiswahili kwa kuniuliza majina ya uyoga. Habari zilipofika kambini kwamba kiongozi wao ameangushwa, alicheka mpaka akakaa chini. Baraza la chama chake mwenyewe lilipiga kura dhidi yake, mfalme akamwita akamwachisha kazi, na alipotoka mlangoni askari wakamchukua. Nikamuuliza, "Na wanachama? Si mlikuwa wengi kama nzige?"

"Tulivua beji," akasema. "Mimi yangu niliitupa chooni, pale."

"Bila kupigana?"

"Kupigania nini, sajini? Chama kilikwisha siku nyingi. Kulikuwa na mtu mmoja, na sisi kazi yetu kupiga makofi."

Kupiga makofi. Nilimwacha nikaenda kusimama kando ya uzio.

Siku nyingine nilimchokoza, kwamba basi vyama vyote vya namna hiyo ni kama utemi wetu. Alitikisa kichwa. Alisema kipo chama cha nchi kubwa ya baridi, hiyohiyo unayoiendea, ambacho asingethubutu kukicheka, kwa kuwa kinaingia kila kiwanda na kila jengo, na kila mwenye tamaa ya kupanda hupandia ngazi hiyo hiyo moja. Miaka ikapita, mkubwa wao aliyeogopwa akafa. Nilisubiri kusikia ikulu imeungua. Haikuungua. Walikaa kikao. Wakamwondoa mmoja waliyemhofia, wakagawana vyeo, na baadaye wakamlaani marehemu wao wenyewe, na chama kikaendelea kama treni iliyobadilishiwa dereva.

Hii ndiyo nguvu yake, Tekla, na ndiyo sababu nilikipenda chama chetu na bado nakipenda. Chama cha kweli kina nafasi kwa kila mtu anayengoja. Wakubwa wakigombana, kila mmoja anajua kwamba ndani, hata akishindwa leo, ana zamu yake kesho, na nje hana kitu. Kwa hiyo hawaondoki. Jeshi likigombana linarudi kambini, chama kikigombana kinafunga mlango kinaendelea kugombana ndani. Hutikiswa njaa ikiwa ndefu mno hata nafasi za kugawa zikakosekana, au mtu mmoja akikimeza chote mpaka pakabaki makofi.

Na chetu tulikijenga vizuri. Ulikuwa mdogo, lakini uliona. Akina mama wa pombe walikuwa ndani, madereva ndani, vikundi vya ngoma ndani, wafugaji nyuki ndani. Katika uchaguzi uliopita viti vingi havikuwa hata na mpinzani. Uhuru uko mlangoni, na nilishangilia mpaka sauti ikanikauka. Musa alishangilia pembeni yangu.

Kisha kwenye mkutano wa tawi akasimama. Alisema, "Mwenyekiti, mimi nina swali la mshonaji. Mwingereza akiondoka, mtu akiwa na neno dhidi ya chama, atalipeleka wapi?" Watu wakacheka. Hakucheka yeye. Akapendekeza kwamba viongozi wa tawi wasichaguliwe tena kwa kunyoosha mikono. Viwekwe vyungu viwili nyuma ya pazia, kila mtu aingie na punje yake ya hindi, aidondoshe atakako. Pazia, alisema, atalishona yeye.

Ungedhani ningefurahi, mimi niliyepiga makofi kwenye mashamba ya mabua. Nilikasirika. Mkono ulionyooka unaonekana, na mimi ndiye niliyekuwa nauona. Tena nilikuwa nimekwisha kuletewa habari. Siku chache kabla, kijana mmoja wa tawi alikuja nyumbani, akakaa pale unapokaa wewe, akainama akaninong'oneza, "Mzee, watu wanamtaka Musa awe mwenyekiti." Alinitajia jina la mrithi. Nilimwona jinsi alivyoinama, nikajiona mimi na kibuyu mkononi. Tekla, nilijiona! Sitajitetea kwamba sikujua. Nilijua wakati uleule, na bado nilimwambia, "Umefanya vizuri, kijana," nikampa chai.

Nilikwenda ofisi ya wilaya nikasema Musa anataka kuleta upinzani. Sikuhitaji kusema zaidi. Tukarudi tawini, nikauliza, wanaokubali afukuzwe? Walinitazama usoni kwanza. Kisha mikono ikanyooka, wa kwanza wa yule kijana, na wa watu ambao Musa amewavalisha harusi zao zote. Musa alichukua kofia yake akasema, "Haya, Anselmi." Hakuniita mwenyekiti. Tangu siku hiyo watu wanapeleka nguo zao kwa mafundi wa upande wa pili wa soko.

Hakuna aliyemchomea nyumba. Ndiyo tofauti ya chama na ikulu, na nilijifariji nayo. Ikulu tulisema "Mtemi kasema," jeshini tukasema "amri," na mimi nikapata neno tamu kuliko yote, "chama kimeamua," neno lisilo na mtu ndani yake. Ndilo nililokupa wewe.

Sasa naacha kuandika. Kuna mkutano wa tawi alasiri hii. Nitasimama niwaambie niliyokuambia, niombe Musa arudishwe na nafasi irudi kwa Zaituni. Huenda kesho usisafiri. Nisamehe kwamba hata hili nimeliamua bila kukuuliza.

*

Nimerudi. Jua limezama na mama yako amewasha taa.

Nilisema. Nilisema yote, Tekla, habari za Ngassa na za kibuyu, na kwamba Musa hakuwa mpinzani, alikuwa mrithi. Nilitegemea wanizomee. Nilijiandaa kufukuzwa, na moyoni, naona haya kusema, nilikuwa kama nafurahi, nikidhani hatimaye nitalipa.

Walinisikiliza mpaka mwisho. Kisha yule kijana aliyeninong'oneza akasimama. Alisema maneno mazuri sana. Kwamba mzee wetu Anselmi amekitumikia chama tangu siku za hatari, kwamba amechoka, kwamba kazi ya mwenyekiti ni nzito kwa umri wake. Akapendekeza nipewe heshima ya mzee wa tawi, nikae mbele kwenye kila mkutano. Watu wakapiga makofi, wakapiga kweli kweli, akina mama wakapiga vigelegele. Juu ya Musa wakasema litaangaliwa. Juu ya safari wakasema hati zimekwisha kutoka, mtoto asisumbuliwe. Kijana huyo ndiye mwenyekiti sasa. Mikono ilinyooka yote.

Wakaleta kiti kile chenye mikono, wakakiweka mbele. Kijana akanishika kiwiko kwa adabu, "Karibu, mzee wetu."

Nikakaa.

Sijui nikuelezeje. Hakuna aliyenilazimisha. Miguu ilikuwa inauma, watu walikuwa wananitabasamia, na nilikuwa nimezoea kuwa ndani. Nikakaa, wakaendelea na ajenda, na baada ya muda nikajikuta nachangia juu ya kununua turubai la sherehe. Mtemi angenichoma. Meja angenifunga. Hawa walinipa kiti, na ikawa nimekwisha.

Nilipofika nyumbani nikamkuta Zaituni kwenye ngazi. Hukuwepo, ulikuwa kwa masista kuaga. Aliniamkia, "Shikamoo, baba." Alikuwa ameleta koti zito la sufu, la buluu, lenye bitana. Akasema, "Baba kasema huko kuna baridi. Kasema mifuko ameifanya mirefu, Tekla ana tabia ya kupoteza funguo." Nikamuuliza kama baba yake anajua nani anaenda mahali pake. Akanitazama kama ulivyonitazama wewe juu ya mchele. "Anajua, baba. Alianza kulishona nikiwa naenda mimi. Amelipunguza mabega."

Liko kwenye kitanda chako. Livae kesho hata kama jua la stesheni litakuunguza.

Sikuombi usiende. Nenda. Nafasi imeibiwa, na ukiikataa haitarudi kwa mwenyewe. Watampa ndugu wa kijana yule, au wa shemeji yake. Huko watakufundisha jinsi chama kinavyodumu, na watafundisha vizuri. Wewe mwangalie yule anayeuliza swali la mshonaji, uone anapelekwa wapi. Nawe siku moja utaombwa unyamaze, kwa upole, na kwa kiti. Sina hakika utafanya nini. Damu yangu naijua. Lakini wewe ulinyamaza juu ya mchele badala ya kukubali uongo wangu, na mimi kwa umri wako nilikuwa nimekwisha kupiga makofi.

Barua yako ya kwanza usiniandikie mimi. Mwandikie Zaituni, umweleze kila unachofundishwa, darasa kwa darasa. Nusu ya masomo hayo ni yake.

Kesho treni ikiondoka, mama yako atalia, na mimi sitarudi naye nyumbani. Nitakwenda moja kwa moja dukani kwa Musa. Nitamwambia habari za Ngassa, na za ofisi ya wilaya, na za kiti. Atanikaribisha, namjua, atapangusa lile benchi lake kwa mkono na kusema, "Kaa, Anselmi."

Nitasimama.

Baba yako,
Anselmi